Geti letu la bildi lilizuia zlib, Pillow ikapita: yaliyotukuta tulipoanza kuskani imeji

Naandika hii kwa ajili ya timu ndogo kama yetu, watu watatu wanne, mna programu mnaijenga kwa kontena na kuna mtu ameshawaambia wekeni skana kwenye paiplaini, halafu akaishia hapo hapo. Kuiweka ni mistari miwili. Kazi iko kwenye kuamua kipi kisimamishe bildi na kipi kipite, na sisi hapo tulikosea karibu miezi mitatu mfululizo na hatukujua kama tunakosea.

Tuko hapa Dodoma, tunatengeneza mfumo wa kupokelea zabibu. Wakala anakuwa Hombolo au Mpunguzi huko, anapima kreti za mkulima, anaingiza kilo kwenye simu, anapiga picha ya risiti ya mizani, picha inapanda kwenye seva yetu, sisi tunaipunguza ukubwa na kuihifadhi ili siku mkulima akibishia malipo kuwe na ushahidi. Hiyo habari ya picha mnishikie, itarudi. Na nikisema imeji nazungumzia imeji ya kontena, picha ni picha.

Oktoba 2023 nikaweka skana ya Trivy kwenye GitLab. Niliiweka kavu kavu, bila kuchuja chochote, ikikuta tatizo lolote bildi isimame:

```
trivy image --exit-code 1 zabibu-api:$CI_COMMIT_SHORT_SHA
```

Ripoti ya kwanza ikatoka na mamia ya mistari, nikawa nateremka tu na mausi haifiki mwisho. Nilishtuka kweli, nikajua mfumo wetu umeoza. Baadaye nilipotulia na kuanza kusoma safu ya kwanza, ile ya jina la pakeji, nikaona jina moja linajirudia ukurasa kwa ukurasa, `linux-libc-dev`. Hizo ni faili za hedi za keneli, zinatumika wakati wa kukompaili programu za C, siyo keneli yenyewe. Kontena haina keneli yake, inatumia ya mashine iliyoibeba, kwa hiyo kosa la keneli unalirekebisha kwenye seva yako na siyo ndani ya imeji. Ila Trivy inaona pakeji imetoka kwenye chanzo cha Linux, inaibandika makosa yote ya Linux, na haisemi uongo, sema tu kwenye imeji yako hayana pa kufanyia kazi.

Zilikuwa zinatafuta nini kwetu? Tulikuwa tumeanza na `python:3.11` nzima, ile inayokuja na gcc na maktaba za kukompailia za kila aina. Tukahamia `python:3.11-slim`, tukatenganisha hatua ya kujengea na hatua ya mwisho, na ripoti ikashuka mpaka ikawa ya kusomeka kwenye skrini chache. Kama ndiyo unaanza leo, fanya hili kabla hujabishana na mtu yeyote kuhusu sheria za geti, maana pakeji ambayo haimo haiwezi kuleta kesi.

Lakini ndani ya wiki ile ya kwanza wenzangu walikuwa wameshachoka. Mmoja akanifuata mezani, "kaka, mimi nimebadilisha neno moja kwenye ukurasa wa ripoti, bildi imekataa kwa sababu ya perl, mimi na perl wapi na wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaweka `allow_failure: true`, maana yake skana inakimbia, ikikuta kitu inaonyesha alama ya njano halafu kila kitu kinaendelea. Nikajiambia tutakuwa tunasoma ripoti kila Jumatatu. Jumatatu ya kwanza tulisoma, ya pili nilisoma peke yangu, ya tatu hakuna aliyesoma. Njano isiyozuia kitu watu wanaizoea upesi sana.

Novemba nikajaribu njia ambayo naona timu nyingi zinaishia hapo, nikabakiza makosa ya daraja la CRITICAL peke yake. Hoja yangu ilikuwa nyepesi, tusimamishe kwa yale mabaya kupita yote, mengine tutayaona taratibu. Na kweli ripoti ikabaki na mstari mmoja:

```
zlib1g  CVE-2023-45853  CRITICAL  will_not_fix  1:1.2.13.dfsg-1
```

Alama yake ni 9.8 kati ya 10, na zlib iko karibu kila mahali, kwa hiyo tuliichukulia kwa uzito wote. Tukafanya `apt-get upgrade`, hakuna kilichobadilika. Tukasubiri wiki, hakuna. Mwenzetu mmoja mwenye moyo wa kazi akachukua siku mbili akashusha chanzo cha zlib 1.3, akakikompaili ndani ya Dockerfile. Imeji ikaongezeka ukubwa, bildi ikawa nzito, tukaskani tena, mstari uko pale pale. Yaani hakuna hata herufi iliyosogea.

Sababu zilikuwa mbili na zote tungezijua siku ya kwanza kama tungeuliza. Kwanza Trivy haifungui faili za `.so` kuangalia ndani zina nini, inasoma orodha ya pakeji za Debian iliyoko `/var/lib/dpkg/status`. Orodha inasema zlib1g 1.2.13 imo, basi imo, hata kama pembeni umeweka nyingine kwa mkono. Na hiyo ya mkono ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haimo kwenye orodha yoyote, ikija kupata tatizo kesho skana haitakuambia. Pili, hata hiyo 1.3 nayo ilikuwa na kosa lile lile, rekebisho liliingia kwenye 1.3.1 iliyotoka Januari 2024. Siku mbili za mwenzetu zilipotea, na aliumia, na lawama ni yangu kwa sababu mimi ndiye niliyesema "lazima iwe kijani".

Kilichotufungua macho ni lile neno la katikati, `will_not_fix`. Sisi tulilisoma kama uzembe, kwamba Debian wamegoma kurekebisha. Siku moja nikaamua kwenda kusoma ukurasa wa Debian wa kosa lile badala ya kuendelea kukasirika. Kosa lenyewe haliko kwenye zlib ile inayobana na kufumua data. Liko kwenye minizip, programu ndogo ya kutengeneza faili za zip ambayo inakaa kwenye folda ya `contrib` ya chanzo cha zlib. Na Debian wanapojenga pakeji ya zlib1g hiyo folda hawaijengi kabisa. Unaweza kuhakiki mwenyewe:

```
docker run --rm zabibu-api:test sh -c "dpkg -L zlib1g; dpkg -l | grep minizip"
```

Sehemu ya kwanza ikatuonyesha `libz.so.1` na nyaraka zake, sehemu ya pili haikutoa kitu. Kwa hiyo kodi yenye kosa haikuwemo kwenye imeji yetu tangu mwanzo. Debian walikuwa hawajaipa pakeji hiyo daraja lao, Trivy ikachukua daraja la NVD, kanzidata ya makosa ya serikali ya Marekani, ambalo linapima kosa lenyewe likiwa limejengwa na linatumika, ndiyo 9.8 ikatoka hapo. Geti letu lilikuwa limefungwa wiki tatu kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Sasa ile ya picha. Disemba kuna mnunuzi alitaka kusaini na sisi, akatutumia fomu ya maswali ya usalama na akataka ripoti kamili ya skana, siyo ile iliyochujwa. Nikaitoa saa tatu usiku nikiwa nyumbani Nkuhungu, na kwa sababu najua inatoka nje ya ofisi nikaisoma mstari kwa mstari. Trivy inatoa majedwali mawili kwa imeji kama yetu, la juu ni la pakeji za Debian, la chini la pakeji za Python. La chini nilikuwa sijawahi kulifikia. Mle ndani kuna maktaba yetu ya kufungulia picha, `Pillow 9.5.0`, `CVE-2023-4863`, `HIGH`, hali `fixed`, imerekebishwa kwenye `10.0.1`.

Nikasoma kichwa chake, libwebp, maktaba ya kufungua picha za WebP. Nikakaa kitako. Hili ndilo kosa ambalo Septemba 2023 Google walilitolea rekebisho la haraka kwenye Chrome kwa sababu lilikuwa tayari linatumika kushambulia watu, na CISA, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, wakaliingiza kwenye orodha yao ya makosa yanayotumiwa kweli mwezi huo huo. Picha ya WebP iliyotengenezwa kwa hila inamwaga data nje ya sehemu yake ya kumbukumbu wakati inafunguliwa, na kuanzia hapo mshambuliaji anaweza kufikia kuendesha programu yake. Pillow inapokuja kwa `pip` inakuja na libwebp yake ndani, ndiyo maana jedwali la Debian halikuonyesha kitu, huko libwebp haikuwemo. Na kazi ya mfumo wetu ni kupokea picha kutoka kwa watu na kuzifungua kwa Pillow, mchana kutwa.

Nikajipa moyo kwamba tunakubali faili za `.jpg` tu. Asubuhi nikajaribu, nikachukua picha ya WebP nikaibadilisha jina ikawa `risiti.jpg` nikaipandisha. Ikapita, ikapunguzwa ukubwa, ikahifadhiwa. Pillow haiangalii jina la faili, inaangalia baiti za mwanzo ndani yake. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi tangu Septemba, na skana yetu ilikuwa imeshaliona, ni mimi niliyekuwa nimeiambia HIGH zote zipite.

Hapo ndipo nilipoelewa tulikokosea. Tulilifanya daraja liamue peke yake. CRITICAL yetu haikuwa na kodi ndani ya imeji wala rekebisho la kusakinisha, yaani hata tungetaka kuifanyia kitu hakukuwa na kitu cha kufanya. HIGH yetu ilikuwa na rekebisho linalosubiri miezi mitatu, iko kwenye njia ambayo mgeni yeyote mwenye simu anaifikia, na dunia nzima ilishajua inatumika.

Siku ile ile tuliziba kwa mstari mmoja wakati tunajiandaa kupandisha vesheni:

```
img = Image.open(f, formats=["JPEG", "PNG"])
```

Hii inaiambia Pillow isijaribu aina nyingine yoyote hata kama baiti zinasema vingine. Tumeiacha mpaka leo, hatuna sababu ya kufungua aina za picha ambazo wakala wetu hatumi. Kupandisha Pillow kwenda 10.1.0 kulichukua siku mbili maana kuanzia 10.0.0 waliondoa `Image.ANTIALIAS` na sisi tulikuwa tumeitumia sehemu tano, inabidi iwe `Image.LANCZOS`. Ukitaka kuhakiki libwebp ya ndani, endesha `python -m PIL` mle ndani ya kontena, inakutajia WEBP na namba yake, ikiwa 1.3.2 au zaidi hilo kosa halimo.

Mnunuzi tulimwambia ukweli, kwamba tulikuwa nalo, tumelifunga tarehe fulani, na tumekagua kumbukumbu za seva hatukuona picha ya WebP yoyote zaidi ya ile niliyopandisha mimi. Alichelewesha kusaini mwezi mzima. Mwezi ule ulikuwa mgumu, mishahara ilitoka nusu.

Januari 2024 tukakaa upya tukaandika geti hivi:

```
trivy image --ignore-unfixed --severity HIGH,CRITICAL \
  --exit-code 1 zabibu-api:$CI_COMMIT_SHORT_SHA
```

Yaani bildi inasimama kama kosa ni HIGH au CRITICAL na rekebisho lake limeshatoka. Lisilo na rekebisho halisimamishi, kwa sababu divelopa aliyesimamishwa lazima awe na kitu anachoweza kufanya leo akaendelea. Ukimsimamisha na hana cha kufanya atatafuta njia ya kulizunguka geti, na mimi simlaumu.

Lakini yasiyo na rekebisho hatukuyatupa. Kila usiku kuna skana nyingine, haisimamishi chochote, inaskani imeji iliyoko prodakshen bila kuchuja na kuilinganisha na orodha ya CISA:

```
trivy image --format json -o r.json $IMEJI_YA_PROD
jq -r '.Results[].Vulnerabilities[]?.VulnerabilityID' r.json | sort -u > zetu.txt
curl -s https://www.cisa.gov/sites/default/files/feeds/known_exploited_vulnerabilities.json \
  | jq -r '.vulnerabilities[].cveID' | sort -u > kev.txt
comm -12 zetu.txt kev.txt
```

Ikitoka hata namba moja hapo mwisho, simu yangu inalia, bila kujali daraja wala hali. Orodha hiyo ina mipaka yake, inabeba yale tu ambayo tayari yamethibitika kutumika, kwa hiyo ukimya wake haumaanishi kwamba uko salama. Ila skana hii ya usiku ingekuwepo Oktoba ningeamshwa usiku wa kwanza kabisa.

Nilidhani tumemaliza. Julai 2024, ijumaa jioni, tuko kwenye maandalizi ya Nanenane pale Nzuguni, wakala mmoja akagundua kilo zikiwa na desimali risiti inazikata, 48.6 inakuwa 48. Mkulima anapunjwa. Rekebisho ni herufi chache, nikalisukuma, bildi ikasimama. `setuptools`, `CVE-2024-6345`, HIGH, imerekebishwa kwenye `70.0.0`. Hakuna mtu aliyegusa setuptools, ilikuwa imekuja na imeji ya Python yenyewe, na kosa lilikuwa limetangazwa wiki ile ile. Asubuhi bildi ilikuwa kijani, jioni nyekundu, na faili ni zile zile.

Mzee anayesimamia mizani alikuwa ananipigia kila dakika kumi, "mwanangu, watu wamepanga foleni hapa nawaambia nini?" Na mimi naangalia skrini inanizuia kwa kosa ambalo imeji inayokimbia prodakshen muda huo inalo vile vile. Kunizuia hakukumlinda mtu yeyote, kulikuwa kunaacha kosa la zamani pale pale na kumwongezea mkulima lake la kilo.

Tulitoka kwa faili la `.trivyignore`, ambalo lilikuwepo siku zote ila hatukuwa tumelipangia utaratibu:

```
# setuptools haitumiki programu ikiwa inakimbia, marekebisho ya kilo yanasubiri
CVE-2024-6345 exp:2024-07-26
```

Hiyo `exp` ndiyo muhimu. Tarehe ikifika mstari unakufa wenyewe na bildi inaanza kusimama tena. Tangu siku ile utaratibu wetu ni kwamba yeyote wa zamu anaweza kuongeza mstari, lazima uwe na sababu inayosomeka na tarehe isiyozidi wiki mbili, na mtu wa pili aukubali kabla haujaingia. Hakuna kuomba ruhusa kwa bosi saa mbili usiku. Na swali la kwanza tunalojiuliza ni hili, je, kosa limeletwa na badiliko hili au lilikuwa prodakshen tayari? Likiwa limeletwa na badiliko, linasimama hapo hapo, hakuna mstari. Likiwa lilikuwepo, rekebisho la dharura linapita na kosa linapewa siku zake.

Setuptools yenyewe hatukuipandisha. Tulijiuliza inafanya nini kwenye imeji ya mwisho, jibu likawa hakuna, tukaweka `pip uninstall -y setuptools` kwenye Dockerfile, tukaendesha testi zote zikapita.

Kuna jingine la `--ignore-unfixed` ambalo lazima nilitaje maana limejificha vizuri. Tuna huduma ndogo ya kutuma meseji, ya zamani, imejengwa juu ya Debian 10. Agosti ile jedwali lake la Debian lilikuwa tupu kabisa, sifuri, safi kuliko huduma zote. Dada anayefanya testi ndiye aliyeniuliza, "kaka, hii ya zamani inawezaje kuwa safi kuliko mpya?" Tukasoma logi, juu kabisa kuna onyo kwamba vesheni hiyo haisapotiwi tena. Matengenezo ya Debian 10 yaliisha 30 Juni 2024. Baada ya hapo marekebisho mapya hayatoki, na kosa lisilo na rekebisho sisi tumesema lisionyeshwe, kwa hiyo kadiri imeji inavyozeeka ndivyo geti linavyozidi kuiona nzima. Trivy ina `--exit-on-eol`, ukiipa namba isiyo sifuri inasimamisha bildi pale mfumo wa chini ukiwa umeachwa na wenyewe. Tukaiweka kwenye huduma zote, na ile ya meseji ikatuchukua wiki nzima kuihamisha.

Ijumaa ile ya kilo, rekebisho lilipanda saa mbili na nusu usiku. Mzee wa mizani alinitumia picha ya risiti ya kwanza, 48.6 imeandikwa vizuri, na kidole gumba chake kinaonekana pembeni. Wiki iliyofuata, tarehe 27, mstari ulikuwa umeshakufa kama ulivyoandikwa na bildi ya kwanza ilipita bila kusimama, setuptools ilikuwa imeshatolewa Jumatano. Tukaufuta mstari kwenye faili, nalo likabaki tupu.